Sukari ya mgonjwa anayemeza steroidi hupanda jioni: chakula cha wadini kipangwe vipi

Saa saba mchana mlango wa wadi hufunguliwa, na hotipoti huingia pamoja na jamaa. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mahamri yaliyofungwa kitambaani, chupa ya chai ya maziwa, chupa nyingine ya juisi ya ukwaju. Bi mkubwa amelala kitandani siku ya pili sasa, pumu imemshika vibaya safari hii, lakini leo apumua vizuri kidogo na hata njaa imemrudia. Bintiye ampakulia sahani. Jioni nesi apita na mashine ya kupimia sukari, adunga kidole, na namba yatoka 17.4.

"Sista, mamangu hana sukari. Hajapata kuwa nayo maisha yake," asema binti.

"Basi ni hicho chakula mnacholeta," ajibu nesi, na binti anyamaza huku amefunika hotipoti.

Mazungumzo kama hayo hutokea mara nyingi wadini, na kila mmoja kati ya hao wawili ana nusu ya ukweli. Binti asema kweli kwamba mama hakuwa na ugonjwa wa sukari. Nesi naye asema kweli kwamba chakula kimechangia. Kilichokosekana ni kitu cha tatu: vidonge vya prednisoloni ambavyo mama alimeza saa mbili asubuhi. Vidonge hivyo ndivyo vilivyobadilisha jinsi mwili wake unavyopokea ule wali. Anayejua saa ambazo dawa hii hufanya kazi ataweza kujua pia ni saa gani sukari itapanda, ni chakula gani kisogezwe, na kwa nini sindano ya sukari inayotolewa usiku yaweza kumletea mgonjwa hatari kubwa kuliko ile sukari yenyewe.

Mgonjwa huyu ni wa mfano, lakini namba nitakazotumia ni za aina inayoonekana wadini. Tumchukulie kuwa ana miaka 62 na uzani wa kilo 60, na kwamba daktari amemwandikia prednisoloni miligramu 40 kila asubuhi kwa sababu ya pumu.

Steroidi yafanya nini mwilini

Prednisoloni, deksamethasoni na haidrokotisoni ni dawa za jamii moja ya steroidi. Hutuliza uvimbe, na kwa mtu ambaye mirija ya mapafu imembana zaweza kumwokoa maisha. Hutumiwa pia kwa lupasi, baadhi ya maradhi ya figo, mzio mkali na maumivu ya viungo. Wengi wetu tulilisikia jina la deksamethasoni mwaka 2020, ilipobainika kuwa inapunguza vifo vya wagonjwa wa Korona waliohitaji oksijeni.

Dawa hizi hufanana na homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza wakati wa shida. Kazi mojawapo ya homoni hiyo ni kuhakikisha kuna sukari ya kutosha katika damu, ili mtu apate nguvu ya kupambana. Kwa hiyo ukimpa mgonjwa kiasi kikubwa, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Ini huanza kutoa sukari zaidi. Misuli, ambayo kwa kawaida ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, hukaidi amri ya insulini. Na kongosho, ambalo lingepaswa kuongeza insulini ili kuushinda ukaidi huo, nalo huzubaa.

Katika hayo matatu, la misuli ndilo linaloonekana zaidi baada ya kula. Ndiyo maana steroidi hupandisha sana sukari ya baada ya mlo, ilhali sukari ya alfajiri, kabla mtu hajala kitu, yaweza kubaki karibu na kawaida.

Kwa nini jioni, wala si asubuhi

Prednisoloni ikimezwa saa mbili asubuhi, athari yake kwa sukari huanza kuonekana baada ya saa chache. Hufika kileleni kati ya saa nne na saa nane tangu kumezwa, yaani kuanzia adhuhuri hadi alasiri, kisha huendelea kwa saa kumi na mbili hadi kumi na sita hivi kabla ya kufifia. Kufika usiku wa manane nguvu zake zimepungua sana, na mgonjwa amelala bila kula. Sukari hushuka yenyewe.

Tazama sasa namba za mama yetu siku ya pili. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai: 6.2. Saa sita mchana, kabla ya chakula: 9.8. Saa kumi na moja jioni: 17.4. Saa nne usiku: 14.1. Alfajiri iliyofuata: 6.6. Namba hizi ni za milimoli kwa lita, zile ambazo mashine nyingi hapa kwetu huandika mmol/L. Kama mashine yako ililetwa kutoka nje na huandika mg/dL, zidisha kwa 18. Hapo 17.4 itakuwa kama 313.

Laiti nesi angempima alfajiri peke yake, kama ilivyo desturi katika wadi nyingi, angeandika 6.2, kisha 6.6, na kila mtu angeridhika. Mama angeshinda na sukari ya 17 kila jioni bila mtu kujua, akilalamika kiu, akienda chooni mara kwa mara, macho yakimfanyia ukungu, na jamaa wakidhani ni joto la Mombasa. Hilo ndilo kosa la kwanza na ndilo linalotokea sana. Kwa anayemeza prednisoloni asubuhi, kipimo kinachosema kweli ni cha saa mbili baada ya chakula cha mchana, au cha jioni kabla ya chakula cha usiku. Kikizidi 12, mgonjwa hupimwa mara nne kwa siku: kabla ya kila mlo na kabla ya kulala.

Kuna jambo dogo hapa ambalo jamaa wanaweza kusaidia. Mgonjwa aliyetoka kumenya embe au kula tende ana sukari kwenye ncha za vidole. Tone la damu litachanganyika nayo, na mashine itaandika namba kubwa isiyo ya kweli. Muoshe mikono kwa maji na sabuni, umkaushe, ndipo adungwe.

Alichokula, na saa alizokula

Sasa turudi kwenye hotipoti. Chakula kinachopandisha sukari moja kwa moja ni wanga: wali, ugali, mkate, mahamri, chapati, muhogo, viazi, tambi, pamoja na sukari yenyewe na matunda. Samaki, nyama, mayai, tui la nazi na mboga za majani hazina wanga wa maana. Hivyo wataalamu wa lishe huhesabu gramu za wanga katika kila mlo, kisha hutazama mlo huo umeangukia saa ngapi.

Hesabu si ngumu. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kama gramu 45 za wanga. Kipande cha mkate wa kukatwa kina kama 15. Hamri moja la wastani, kama 25. Ndizi mbivu moja ya kadiri, kama 25. Kijiko cha chai cha sukari, 4. Kikombe cha maziwa, 12. Hizi ni namba za kukadiria, maana hamri la Lamu si sawa na la Kisauni kwa ukubwa, lakini zatosha kwa kazi yetu.

Siku ya pili, chai ya asubuhi ya wadini ilikuwa vipande viwili vya mkate na chai isiyo na sukari. Mama alikula hivyo tu kwa kuwa pumzi ilikuwa bado nzito: gramu 30. Saa saba bintiye alifika. Vikombe viwili vya wali wa nazi na gilasi ya juisi iliyotiwa sukari: gramu 120. Saa kumi, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na mahamri mawili: gramu 75. Saa moja usiku mwana mwingine alileta tambi za sukari: gramu 60.

Jumla ni 285. Kwa mama wa kilo 60 aliyelala kitandani ni nyingi, lakini ubaya zaidi uko katika mpangilio. Asubuhi, wakati dawa haijashika na misuli bado yapokea sukari vizuri, alikula gramu 30, kama sehemu moja kwa kumi ya wanga wote wa siku. Gramu 255 zilizobaki ziliingia kati ya saa saba mchana na saa moja usiku, saa zile zile ambazo prednisoloni imepanda juu. Wala hakuna aliyefanya kusudi. Saa za kutembelea wagonjwa ndizo zilizopanga hivyo. Asubuhi jamaa hawaruhusiwi kuingia, na mchana na jioni ndipo mapenzi yote yafikapo, kila mtu na chombo chake.

Mpango mpya

Watu wengi wakisikia sukari imepanda, jambo la kwanza ni kumnyima mgonjwa chakula. Aletewa uji mwepesi na maji, basi. Hilo ni kosa la pili. Steroidi hula misuli, na mgonjwa wa mapafu atumia misuli hiyo hiyo kuvuta pumzi. Anahitaji chakula, na hasa protini. Kwa mgonjwa wa wadini asiye na ugonjwa mkubwa wa figo, wataalamu wengi hulenga kama gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzani. Kwa mama yetu hiyo ni kama gramu 72 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina kama 6, na kipande cha samaki kama kiganja cha mkono chaweza kuwa na 20 au zaidi.

Kwa hiyo mtaalamu wa lishe hakumwambia binti aache kuleta chakula. Alimpangia hivi.

Chai ya asubuhi iwe mlo mkubwa wa wanga wa siku, kama gramu 60, na iliwe karibu na saa ya kumeza dawa. Hamri moja, bakuli dogo la mbaazi na kikombe cha chai ya maziwa bila sukari hufikia hapo, na yai la kuchemsha huongezwa kwa ajili ya protini. Kwa kuwa jamaa hawaruhusiwi asubuhi, hamri huletwa jioni ya jana na kuwekwa kabatini, na wadi hutoa chai na yai.

Saa nne asubuhi, tunda dogo au nusu ya ndizi, gramu 15 hivi. Ikiwa mgonjwa apenda kitu kitamu, basi saa hii ndiyo yake. Asingoje alasiri.

Mchana, gramu 45, yaani kikombe kimoja cha wali kilichosawazishwa. Kisiwe cha mlima. Nusu ya sahani iwe mchicha, mnavu au kachumbari, na robo nyingine iwe samaki. Mchuzi wa nazi haukatazwi kwa ajili ya sukari, ingawa wengi huutia mafuta na chumvi nyingi, na steroidi huzuia maji na chumvi mwilini. Juisi huondolewa kabisa na maji huingia mahali pake. Kinywaji cha sukari hupita tumboni mbio kuliko chakula cha kutafuna, na gilasi moja saa saba yatosha kumpandisha mtu kabla hata ya kumaliza wali.

Alasiri hapana wanga. Hiki ndicho kipengele kigumu kwetu, maana saa kumi ni saa ya chai. Chai ya rangi yenye tangawizi na iliki, bila sukari, yaruhusiwa. Akihisi njaa, na steroidi huleta njaa kweli, apewe yai, njugu kiganja kimoja, au kipande cha samaki wa kukaanga. Si mahamri, si kaimati, si viazi karai.

Usiku, gramu 45 tena, na mapema, saa kumi na mbili au saa moja. Chapati moja ndogo na maharagwe kidogo, au ugali kidogo na mboga. Kabla ya kulala, kikombe cha maziwa, gramu 12, hasa ikiwa mgonjwa ameanzishwa sindano.

Ukijumlisha utapata gramu 180 hivi badala ya 285. Mama hajafa njaa, wala wali wa nazi haujapigwa marufuku. Kilichobadilika ni kwamba wanga umesogezwa kuelekea asubuhi na umegawanywa kwa kiasi kisichobadilika siku hadi siku. Hilo la kutobadilika lina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa leo mchana ni gramu 45, kesho 120 na keshokutwa 20, daktari hawezi kujua kama sukari imepanda kwa dawa au kwa sahani, na kipimo chochote cha insulini atakachoandika kitakuwa cha kubahatisha.

Chakula peke yake hakitoshi kila wakati

Siku ya tatu, baada ya mpango kuanza, namba za mama zilikuwa 6.6 alfajiri, 8.9 saa sita, 13.6 jioni, na 11.0 usiku. Zimeshuka, lakini hazijafika. Kwa wagonjwa wengi waliolazwa hospitali hulenga sukari kati ya 7.8 na 10. Kwa miligramu 40 za prednisoloni, mara nyingi chakula hakiwezi kufika huko chenyewe, na jamaa wasione kwamba wameshindwa.

Hapo huingia insulini. Ile inayolingana na prednisoloni ya asubuhi ni insulini ya muda wa kati, ile nyeupe kama maziwa inayotikiswa taratibu kabla ya kuvutwa. Ikidungwa asubuhi pamoja na vidonge, nguvu yake hupanda adhuhuri na alasiri kisha hufifia usiku, karibu sawa na steroidi yenyewe. Kuna kanuni ambayo madaktari huitumia kama pa kuanzia: kwa kila miligramu 10 za prednisoloni, yuniti 0.1 kwa kila kilo ya uzani, isizidi 0.4. Kwa mama yetu kanuni hiyo yatoa hadi yuniti 24. Lakini yeye ni mtu mzima wa miaka 62, hajawahi kutumia insulini, na hali yake ya kula bado yabadilika, kwa hiyo daktari alianza na 12, nusu yake, akaacha namba za jioni zimwelekeze. Nimeyaeleza haya ili jamaa wafahamu kinachofanyika. Hesabu ya kipimo ni ya daktari, si ya kitandani.

Siku ya nne: 6.0 alfajiri, 8.1 saa sita, 10.2 jioni, 8.4 usiku. Yuniti hazikuhitaji kufika 24, na sababu ni kwamba wanga wa alasiri ulikuwa umeshaondoka.

Sindano ikishaanza, saa za chakula huwa sehemu ya matibabu. Mgonjwa aliyedungwa asubuhi hawezi kukosa chakula cha mchana kwa sababu hakipendi cha wadini na anangojea cha nyumbani kilichokwama kwenye msongamano wa Nyali. Akikosa, insulini inafanya kazi bila wanga wa kuikabili. Basi ikiwa utachelewa, mpigie simu mgonjwa au nesi, ale cha wadini. Na ukifika na hotipoti, mwambie nesi kabla ya kuifungua, hasa kama mgonjwa hudungwa pia ile insulini angavu ya kabla ya mlo, ambayo hutolewa kama nusu saa kabla ya kula.

Hatari ya usiku

Kosa la tatu ndilo linalotisha zaidi. Saa nne usiku nesi wa zamu aona 14.1. Namba ni kubwa, daktari apigiwa simu, na insulini ya muda mrefu au ya muda wa kati yaandikwa papo hapo. Lakini saa nne usiku prednisoloni imeanza kuisha nguvu. Mgonjwa hatakula tena mpaka asubuhi. Sukari ilikuwa njiani kushuka yenyewe, na sasa imesukumwa. Saa tisa usiku, wadi imelala, mgonjwa alowa jasho, atetemeka, azungumza maneno yasiyoeleweka. Jirani wa kitanda cha pili adhani ni ndoto mbaya. Mashine ikipatikana huandika 2.9.

Sukari chini ya 4 ni dharura. Mgonjwa akiwa macho na anaweza kumeza, apewe mara moja gramu 15 za sukari ya haraka, mathalani vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui, usimtie kitu chochote kinywani. Mwite nesi amtie sukari kwa mshipa. Na kitu cha kwanza cha kumuuliza daktari asubuhi ni kama sindano ile ya usiku yaweza kuhamishiwa asubuhi.

Upande wa pili pia una dalili zake. Sukari ikiendelea kupanda kwa siku kadhaa, mgonjwa hukojoa sana, hukauka ulimi, hulegea na kuanza kusinzia ovyo. Mtu mzima anayetumia steroidi aliyefika hapo, namba ikiwa juu ya 20 na yaendelea kupanda, ahitaji maji ya mshipa na daktari usiku huo huo. Asingoje raundi ya kesho.

Dawa ikiwa nyingine, mpango huwa mwingine

Yote niliyoeleza ni ya prednisoloni mara moja kwa siku, asubuhi. Haidrokotisoni ya sindano kila saa sita hupandisha sukari mchana na usiku, na deksamethasoni hukaa mwilini zaidi ya siku moja. Kwa hizo mbili hakuna saa ya nafuu ya kuegemeza wanga, kwa hiyo hugawanywa sawasawa katika milo mitatu, na sukari ya alfajiri nayo hupanda. Ndiyo sababu swali la kwanza la jamaa liwe, "Anapewa steroidi gani, na saa ngapi?" Jibu lake ndilo linalopanga hotipoti.

Kuna pia kipimo kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita. Kikiwa 6.5 kwa mia au zaidi, yaelekea mgonjwa alikuwa na kisukari kabla ya kulazwa na steroidi imekifichua tu. Cha mama kilikuwa 5.8, karibu na mpaka, lakini si kisukari. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa tunaoujua sana hapa Pwani, kipimo hiki chaweza kudanganya, na daktari hutumia njia nyingine.

Akirudi nyumbani

Mama aliruhusiwa siku ya sita. Kwa pumu, prednisoloni ya siku tano hadi saba mara nyingi husimamishwa bila kupunguzwa pole pole. Lakini aliyeimeza zaidi ya wiki tatu asiiache ghafla kwa kuogopa sukari, maana tezi zake zitakuwa zimesahau kutengeneza homoni yake, na mwili waweza kuzimia. Hupunguzwa kwa hatua, na kila hatua ya steroidi ishukayo, insulini nayo lazima ishuke. Wapo waliorudi wadini kwa sababu vidonge vilipunguzwa na sindano ikaachwa palepale.

Yeye alimaliza vidonge siku ya saba na sindano ikakomeshwa siku hiyo hiyo. Kwa siku tatu alipimwa nyumbani kabla ya chakula cha usiku: 8.8, kisha 7.1, kisha 6.4. Siku ya nne saa kumi alasiri alipewa chai ya maziwa na hamri lake. Baada ya miezi mitatu atarudia kipimo cha HbA1c, kwa kuwa mtu ambaye sukari yake ilipanda kwa steroidi yuko karibu zaidi na kisukari kuliko mwenziwe. Na katika daftari lake la kliniki bintiye ameandika kwa wino mwekundu, ili safari ijayo pumu ikimlaza asihitaji kueleza upya: "Akipewa prednisoloni, apimwe sukari jioni."